Pointi mbili za Kipanga: kuandika maelezo ya sasisho bila kujitetea wala kuzungukazunguka

Kwenye gemu moja, bunduki iitwayo Kipanga iliyokuwa ikipiga kwa nguvu ya 38 sasa inapiga kwa 36. Anayeandika maelezo ya sasisho anaitazama hesabu hiyo, anaona ni pointi mbili tu, anaandika: "Nguvu ya Kipanga imepunguzwa kidogo." Toleo linatoka. Kabla jua halijazama wachezaji wameshagundua kwamba adui aliyekuwa akianguka kwa risasi nne sasa anadai tano, na kwamba muda wa kumwangusha umeongezeka kwa theluthi nzima. Kuanzia hapo hawabishani tena kuhusu bunduki. Wanabishana kuhusu neno "kidogo", na nani alidhani hawatajua.

Kipanga nimeibuni kwa ajili ya makala hii, ila hesabu yake ni ya aina ile ile inayopita mezani kwangu kila toleo linapokaribia. Kazi yangu ni kuandika maelezo yale ambayo wachezaji huyasoma kwa jicho la wakili: kipi kimeongezwa makali, kipi kimepunguzwa, na kwa nini. Mabadiliko ya uwiano wa nguvu ndiyo sehemu ngumu kuliko zote. Hitilafu ukiirekebisha watu wanashukuru. Ramani mpya ukiiongeza wanashangilia. Ukimpunguzia mtu makali ya silaha aliyoizoea kwa miezi, unamchukulia kitu mkononi, na unatakiwa umweleze kwa sentensi nne au tano kwa nini umemchukulia.

Nitaifuata Kipanga hiyo moja mpaka mwisho, kwa sababu ushauri wa jumla kuhusu uandishi wa maelezo haya ni mwingi na haumsaidii mtu anayetazama ukurasa mtupu huku toleo likitoka kesho.

Hesabu yenyewe ni hii. Kila mchezaji anaanza na uhai wa 150. Kipanga inatoa risasi nane kwa sekunde, yaani risasi moja kila sekunde 0.125. Ikiwa risasi moja ya mwilini inaondoa 38, nne zinaondoa 152, na adui yuko chini. Ukihesabu kuanzia risasi ya kwanza, kuna nafasi tatu za kusubiri kati ya risasi nne, hivyo muda wote ni sekunde 0.375. Ukiteremsha nguvu hadi 36, risasi nne zinaondoa 144. Adui anabaki na uhai wa 6 na bado anakupiga. Unahitaji risasi ya tano, na muda unafika sekunde 0.5. Nguvu imeshuka kwa asilimia 5 hivi. Muda wa kuua umepanda kwa asilimia 33. Laiti nguvu ingeshushwa kutoka 42 hadi 38, pointi nne kamili, hakuna ambacho kingebadilika dhidi ya adui mwenye uhai kamili, maana katika hali zote mbili risasi nne ndizo zinazomaliza kazi.

Ndiyo maana maneno kama "kidogo", "kwa kiasi", au "marekebisho madogo" ni hatari hata yanapoandikwa kwa nia njema. Yanapima ukubwa wa namba, ilhali mchezaji anapima kwa idadi ya risasi na kwa sehemu ya sekunde. Katika gemu za bunduki kipimo chake ni risasi ngapi mpaka kuua. Katika gemu za kadi ni kama kiumbe wake anaweza kulihimili pigo fulani lililozoeleka au la. Katika gemu za mikakati ni kama kikosi cha kwanza kinafika kabla ya ukuta kukamilika. Kila aina ya gemu ina ngazi zake za namna hii, na badiliko linalovuka ngazi ni kubwa hata kama namba yake ni ndogo. Kabla sijaandika neno lolote huwa nakaa na mtu wa uwiano nimuulize tumevuka ngazi gani.

"Dada, mbona ni pointi mbili tu," huwa jibu la kwanza.

"Sawa kaka, lakini risasi ngapi?"

Hapo ndipo jedwali la pili linapofunguliwa, lile ambalo wachezaji wangelitengeneza wenyewe kabla ya usiku wa manane. Ni afadhali tulitengeneze sisi kwanza.

Jedwali hilo kwa Kipanga lina mambo matatu ambayo mstari wa "38 hadi 36" hauyasemi. Risasi ya kichwani inazidishwa kwa moja na nusu, hivyo ilikuwa 57 na sasa ni 54. Tatu za kichwani zinaua kama zamani: 162 inatosha. Risasi moja ya kichwani na tatu za mwilini zinatoa 162 pia, kwa hiyo mwenye shabaha nzuri ambaye hupata kichwa angalau mara moja katika nne hajapoteza kitu. Lakini mbili za kichwani na moja ya mwilini zilikuwa zinafika 152 na sasa zinafika 144. Yule fundi aliyekuwa akiua kwa risasi tatu huku moja ikiangukia kifuani, sasa anahitaji ya nne. Hili ni badiliko la wachezaji wachache, lakini ndio wanaotengeneza video, na ndio watakaolisema kwa sauti kubwa kama sisi hatujalisema.

Jambo jingine ni kwamba yote haya yanamhusu adui mwenye uhai kamili, au karibu na kamili. Akiwa ameshakwaruzwa na kubaki na 144 au chini yake, risasi nne za mwilini bado zinamtosha. Kwenye vurugu za timu, ambako kila mtu ameshapigwa na kila mtu, badiliko hili linaonekana mara chache kuliko kwenye pambano la wawili wanaokutana uso kwa uso.

Sasa tuje kwenye sababu, maana hapa ndipo maandishi huanza kuharibika.

Kipanga iliundwa kwa ajili ya mbali. Kwa karibu kuna bunduki nyingine, tuiite Nyigu: inaondoa 22 kwa risasi, inapiga kila baada ya sekunde 0.07, inahitaji risasi saba, na inamaliza kwa sekunde 0.42. Ukilinganisha unaliona tatizo mara moja. Kipanga ilikuwa ikimaliza kwa 0.375. Mtu aliyeingia chumbani na Nyigu, silaha ya chumbani, alikuwa anapoteza dhidi ya mtu mwenye bunduki ya mlimani, hata kama wote wawili walianza kupiga kwa wakati mmoja na wote hawakukosa. Baada ya badiliko, Kipanga kwa risasi za mwilini tupu inachukua 0.5 na Nyigu inatangulia. Mwenye Kipanga bado ana njia ya kushinda chumbani: apate kichwa.

Hiyo ndiyo sababu yote. Ni sentensi mbili au tatu. Lakini tazama inavyoweza kuandikwa vibaya. Namna ya kwanza ni ile ya ukungu:

> Kipanga: tumefanya marekebisho ya nguvu ili kuboresha uwiano na kuleta uzoefu bora kwa wachezaji wote.

Jaribio langu kwa aya kama hii ni kuinyofoa na kuibandika chini ya bunduki nyingine yoyote. Ikikaa vizuri huko, haisemi lolote. Hii inakaa chini ya Nyigu, chini ya bomu, hata chini ya kiatu cha kukimbilia. Neno "marekebisho" hapa limebeba mzigo wa kuficha mwelekeo: mchezaji hajui kama silaha imepanda au imeshuka mpaka aingie uwanjani. Ikishuka, andika imepunguzwa. Na kitu kisichokuwa na hitilafu kisiandikwe kwenye orodha ya hitilafu zilizorekebishwa. Kuna wanaofanya hivyo kwa sababu mchezaji hawezi kugombana na urekebishaji wa hitilafu, lakini ikijulikana, na hujulikana, kila orodha ya hitilafu itakayofuata itasomwa kwa mashaka.

Namna ya pili ni ya kujitetea, na hii ni ngumu zaidi kuikamata kwa sababu huwa imeandikwa kwa uungwana:

> Tunajua wengi wenu mnaipenda Kipanga, na si lengo letu kuwaadhibu wachezaji walioizoea. Hata hivyo, kinyume na inavyodhaniwa, takwimu zetu zinaonyesha wazi kwamba Kipanga imekuwa na nguvu kupita kiasi kwa muda mrefu. Tunaamini kwamba badiliko hili ni la haki na tunaomba mlipe nafasi kabla ya kutoa hukumu.

Sentensi ya kwanza inajibu shutuma ambayo hakuna aliyeitoa bado. Mchezaji aliyekuwa hajafikiria kwamba anaadhibiwa sasa amefikirishwa. "Kinyume na inavyodhaniwa" inamwambia msomaji kwamba alikuwa anakosea kabla hata hajafungua mdomo. "Takwimu zetu zinaonyesha wazi" ni rungu: inataja ushahidi bila kuuonyesha, na tena inaongeza "wazi", neno ambalo mara nyingi huwekwa mahali ambapo jambo haliko wazi. "La haki" ni hukumu tunayojipa wenyewe. Sentensi ya mwisho inaomba na kuamuru kwa pumzi moja.

Aya hiyo naijaribu kwa kufuta kila sentensi inayotuzungumzia sisi: tunajua, lengo letu, tunaamini, tunaomba. Kisha natazama kilichobaki. Hapo juu kinabaki kipande kimoja, kwamba Kipanga ilikuwa na nguvu kupita kiasi, na hicho hakisemi wapi wala dhidi ya nini. Mwandishi alitumia karibu maneno yote kulinda timu, na akasahau bunduki.

Mara nyingi maandishi haya hutoka kwa mtu aliyetoka kusoma maoni makali ya wachezaji dakika kumi kabla ya kuandika. Nayajua hayo kwa kuyaona kwenye rasimu: unaweza kuona kabisa ni mchezaji yupi anajibiwa. Nina kanuni ndogo kwamba maelezo ya badiliko huandikwa siku badiliko linapoamuliwa, wakati sababu bado ni sababu, na siku ya toleo tunahakiki namba tu. Kuhakiki namba ni lazima kweli, kwa sababu mtu wa uwiano huwa anaendelea kupapasapapasa hadi dakika za mwisho. Namba ichukuliwe kutoka kwenye faili la gemu lililojengwa kwa ajili ya kutolewa, isichukuliwe kwenye ujumbe wa kazi wa wiki iliyopita. Maelezo yanayosema 36 kwenye gemu yenye 35 huonekana kama hila hata kama ni uzembe tu.

Kuhusu takwimu niseme zaidi, maana ndizo zinazozua ugomvi usio na mwisho.

Kila mtu anapenda asilimia ya ushindi. Inaonekana haina ubishi: ikipita 50 kitu kina nguvu, ikishuka chini ya hapo ni dhaifu. Lakini asilimia ya jumla huchanganya watu wasiofanana. Silaha ambayo gemu inampa kila mgeni siku ya kwanza itakuwa na asilimia ya chini, kwa sababu iko mikononi mwa wageni. Mhusika mgumu anayechaguliwa na wachache atakuwa na asilimia ya juu, kwa sababu wachache hao ni mabingwa wake waliobaki baada ya wengine wote kukata tamaa. Kwa hiyo ukisema tu "Kipanga inashinda sana", atatokea mchezaji mwenye takwimu za umma zinazoonyesha kwamba Kipanga iko chini ya wastani, na atakuwa na haki. Anapima gemu nzima. Wewe ulikuwa unapima chumba kimoja.

Riot Games, watengenezaji wa League of Legends, walikumbana na ugomvi wa namna hii, na mwaka 2019 walichapisha utaratibu wao wa kuamua nani apunguzwe makali. Waligawa wachezaji makundi manne: wa kawaida, wenye ujuzi, wa kiwango cha juu kabisa, na wanaocheza kwa kulipwa. Mhusika akizidi nguvu katika kundi lolote moja kati ya hayo, anahesabika amezidi. Ili ahesabike dhaifu, anatakiwa awe dhaifu katika makundi yote manne. Unaweza kuupinga utaratibu huo, na watu wengi wanaupinga. Lakini baada ya kuchapishwa, maelezo yao yanaweza kusema kwa sentensi moja kwamba mhusika fulani anapunguzwa kwa sababu ya mashindano ya kulipwa, na mchezaji wa kawaida anayempoteza naye angalau anajua amepoteza kwa sababu ya kundi lipi. Anaweza kukasirikia utaratibu badala ya kudhani anadanganywa kuhusu takwimu za kundi lake.

Kwa Kipanga, takwimu ya kutaja (kama tunataja) ni ile ya mapambano ya karibu, kati ya wachezaji wa daraja moja, wote wakiwa na uhai kamili. Ukiitaja hiyo taja na mipaka yake yote, na ujue umejifunga nayo. Ukitumia kipimo hicho leo kuipunguza Kipanga, mwezi ujao wachezaji wataomba kipimo hicho hicho kwa silaha wanayoichukia wao, na ukiwakatalia utahitaji sababu. Kama huko tayari kujifunga, usitaje asilimia kabisa. Sababu ya kiufundi, kwamba bunduki ya mbali ilikuwa inaua haraka kuliko bunduki ya karibu hata pale karibu, inajitosheleza, na kila mchezaji anaweza kuihakiki kwa kalamu na karatasi.

Halafu kuna mabadiliko ambayo sababu yake si nguvu kabisa. Mhusika anaweza kuwa na ushindi wa kawaida lakini akawa kero: anakugandisha, anakuzuia kucheza, unakaa sekunde tatu ukitazama skrini. Hapa kosa la kawaida ni kutafuta takwimu ya kusingizia, kwa sababu "inakera" huonekana kuwa sababu dhaifu. Si dhaifu. Andika kwamba kucheza dhidi yake kunachosha kwa sababu mpinzani hana la kufanya kwa sekunde hizo tatu, kwamba tunampunguzia muda wa kugandisha hadi sekunde moja na nusu na kumpa nguvu mahali pengine. Ukisingizia ushindi, mtu atafungua takwimu, ataona 49, na mazungumzo yamekwisha.

Turudi kwenye Kipanga. Baada ya kupitia yote hayo, maelezo ninayoweza kuyaweka mbele ya mchezaji yanakuwa hivi:

> Kipanga
> Nguvu ya risasi, mwilini: 38 → 36
> Nguvu ya risasi, kichwani: 57 → 54
>
> Kipanga ni bunduki ya mbali, lakini imekuwa ikiishinda Nyigu hata kwa karibu: risasi nne za mwilini zilimwangusha adui mwenye uhai kamili kwa sekunde 0.375, wakati Nyigu inahitaji 0.42. Sasa kwa risasi za mwilini peke yake utahitaji tano (sekunde 0.5). Ukipata kichwa angalau mara moja, nne bado zinatosha. Kuua kwa risasi tatu sasa kunahitaji zote tatu zipige kichwa; awali mbili za kichwani na moja ya mwilini zilitosha. Hatukugusa umbali, kwa sababu hilo lingewaumiza wanaoitumia pale inapostahili kutumika. Tutafuatilia mapambano ya mbali: Kipanga ikianza kushindwa huko, tutaanza kwa kurudisha nguvu ya kichwani.

Haimbembelezi mtu, na haina hata sentensi moja inayosema badiliko ni zuri. Anayeitumia Kipanga anajua kilichomtoka na njia iliyobaki kwake. Anayetumia Nyigu anajua lini sasa anaweza kuingia chumbani. Yule fundi wa risasi tatu ametajwa, na ametajwa na sisi.

Sentensi kuhusu umbali niliifikiria sana. Kwa kawaida sipendi kueleza njia ambazo hatukuzifuata, kwa sababu kila njia unayoitaja inafungua mjadala wa pili. Niliiacha kwa sababu kupunguza umbali ndicho ambacho wachezaji wengi wa bunduki hii wangekiomba badala yake, na jibu lake ni fupi. Njia moja iliyokataliwa, tena iwe ile inayoulizwa kweli, inatosha. Zikifika tatu inakuwa ripoti ya kikao.

Sentensi ya mwisho nayo ina mtego. Inasema tutatazama nini na tutaanza na nini, lakini haiahidi tarehe wala haisemi "tutarekebisha haraka". Ningeandika "tutaendelea kufuatilia" tu, ingekuwa ukungu ule ule wa mwanzo, maneno yanayoweza kubandikwa popote. Na kinyume chake, nisingethubutu kuandika kwamba Kipanga haitaguswa tena. Silaha nyingine ikibadilika kesho, Nyigu kwa mfano ikipandishwa, hesabu yote hii inasogea.

Si kila badiliko linastahili aya. Dota 2 imetoa kwa miaka mingi orodha ndefu za namba tupu, bila sababu yoyote, na wachezaji wake wamezoea kuzichambua wenyewe. Ni sehemu ya starehe yao, na kwenye toleo lenye mamia ya mabadiliko sijui nani angesoma mamia ya aya. Overwatch ilichagua njia nyingine, ya kuweka maoni ya watengenezaji chini ya mabadiliko ya mashujaa wake. Mimi niko katikati. Badiliko linalovuka ngazi linapata aya. Lisilovuka linapata mstari wa namba, ya zamani na mpya, na basi. Aya ya sababu chini ya badiliko dogo humfanya msomaji adhani kuna kitu kimefichwa. Kitu cha kujali ni mpangilio: lile linaloumiza liwe juu kati ya mabadiliko ya silaha, lisizikwe chini ya mavazi mapya na rangi za fremu. Wachezaji wakilikuta mstari wa arobaini, hawatauliza tena kama limeelezwa vizuri.

Na kama mchezaji alitumia kitu chake kupata kile unachokipunguza, mstari unaohusu kurudishiwa uwekwe hapo hapo chini ya badiliko. Hearthstone imekuwa na desturi kwamba kadi ikipunguzwa nguvu, kwa muda maalumu mchezaji anaweza kuivunja na kurudishiwa thamani yake yote. Kwa Kipanga iliyopandishwa ngazi kwa vifaa, maelezo yaseme vifaa vinarudi au havirudi, na mwisho wa kudai ni lini. Sentensi hiyo hufanya kazi kubwa kuliko aya yoyote ya sababu, na nimeshangaa mara nyingi kuona inaachwa itafutwe kwenye ukurasa wa maswali.

Wiki kadhaa baadaye huja maelezo ya pili, na hayo yanaandikwa na watu wachache kuliko inavyopaswa. Tuseme Kipanga imeanza kuanguka hata mlimani, kwa sababu mbali ni vigumu kupata kichwa na risasi ya tano humpa adui nafasi ya kurudi nyuma ya jiwe. Tunarudisha nguvu ya kichwani hadi 57 na kuacha ya mwilini 36. Kabla ya kuandika, jedwali linafunguliwa tena: mbili za kichwani na moja ya mwilini sasa ni 57 na 57 na 36, yaani 150 kamili. Fundi wetu amerudishiwa risasi zake tatu, bila pointi moja ya ziada. Maelezo yake ni mafupi:

> Kipanga
> Nguvu ya risasi, kichwani: 54 → 57
>
> Tulipoipunguza tulilenga mapambano ya karibu, lakini imeshuka kwa mbali pia. Mbili za kichwani na moja ya mwilini zinaua tena dhidi ya uhai kamili. Mwilini peke yake bado ni risasi tano, kwa hiyo kwa karibu Nyigu inabaki mbele. Kitu chochote kitakachomwongezea adui uhai, hata pointi moja, kitaiondoa tena hiyo ya risasi tatu.

Sentensi ya mwisho niliibishania na mtu wa uwiano. Yeye aliona tunawapa wachezaji silaha ya kutupigia siku tutakapoleta fulana ya kuongeza uhai. Mimi niliona watakuwa wameshaihesabu kabla hajamaliza kunywa maji. Ikabaki.